"Bila dayasetili": lebo inayojibu nusu ya swali

Chupa nyingi za majimaji ya vepu yenye ladha ya krimu, kastadi au karameli siku hizi huandikwa "bila dayasetili", kemikali yenye harufu ya siagi. Mnunuzi akiyasoma maneno hayo hupumua, kwa sababu amekwisha kusikia mtandaoni kuhusu "mapafu ya bisi", ugonjwa wa kuzibwa mirija ya hewa unaohusishwa na kemikali hiyo, na ameona picha za vijana waliolazwa na mirija puani. Upande wa pili wapo wanaomcheka. Wanasema sigara ya kawaida ina dayasetili nyingi kuliko vepu, wavutaji sigara hawajawahi kuonekana na ugonjwa huo, basi hadithi yote ni ya kutisha watoto.

Sikubaliani na yeyote kati yao. Ugonjwa upo, na namna ulivyogunduliwa inaeleweka vizuri kuliko magonjwa mengi ya mapafu yanayotokana na kemikali. Lakini tatizo halikuwa kemikali moja yenye jina baya ambayo ukiitoa chupani kila kitu kinakaa sawa. Tatizo ni kuchukua kitu kilichopimwa kwa ajili ya tumbo na kukipeleka kwenye mapafu. Lebo hiyo haigusi jambo hilo hata kidogo.

Dayasetili ni molekuli ndogo ya kaboni nne. Ndiyo inayoipa siagi sehemu kubwa ya harufu yake. Imo kwa asili kwenye siagi yenyewe, kwenye bia, mvinyo na kahawa, na viwanda vya chakula vimekuwa vikiitumia kwa miaka mingi kutengeneza ladha ya siagi bila siagi. Ukiila, mwili unaishughulikia bila taabu. Inachemka kwenye nyuzi 88 tu za Selsiasi, chini ya maji, kwa hiyo ikipashwa moto inageuka mvuke haraka. Sifa hiyo ndiyo inayoifanya inukie vizuri, na ndiyo iliyowaumiza wafanyakazi wa Jasper.

Jasper ni mji mdogo katika jimbo la Missouri, Marekani, uliokuwa na kiwanda cha kufungasha bisi za kupikwa kwenye maikrowevu. Mei 2000 daktari mmoja wa magonjwa ya kazini aliiarifu idara ya afya ya jimbo kwamba watu wanane waliowahi kufanya kazi humo walikuwa na bronkiolaitisi obliterani, yaani mirija midogo kabisa ya hewa imezibwa na makovu. Ugonjwa huo ni adimu mno. Kwa kawaida madaktari huuona kwa watu waliopandikizwa mapafu au uboho, au waliovuta gesi kali kwenye ajali. Kuwakuta wanane kwenye kiwanda kimoja cha chakula kulikuwa ni king'ora. Wanne kati yao walikuwa tayari kwenye orodha ya kungojea mapafu ya kupandikizwa.

Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, ikapeleka watafiti. Waliwapima wafanyakazi 117 waliokuwa kazini wakati huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: kuziba kwa njia za hewa kulikuwa mara 3.3 ya kiwango kilichotarajiwa kwa watu wa umri na tabia kama zao. Kwa wale ambao hawajawahi kuvuta sigara, kulikuwa mara 10.8. Namba hiyo ya pili naomba msomaji aiweke akilini, tutaihitaji tukifika kwenye hoja ya sigara.

Kazi ya hatari kuliko zote ilikuwa ya wachanganyaji. Walimimina ladha ya siagi kwenye tangi la mafuta ya soya yaliyopashwa moto, wakafungua kifuniko, wakainama kukoroga na kuangalia, na mvuke ukawapanda usoni. Lakini kundi lililonishangaza zaidi ni la wakaguzi wa ubora. Hao hawakugusa tangi. Kazi yao ilikuwa kupika pakiti baada ya pakiti kwenye maikrowevu, kama mia hivi kwa zamu, na kuzifungua. Dayasetili kwenye hewa ya chumba chao kwa wastani ilikuwa chini ya sehemu moja kwa milioni, kidogo sana kulinganisha na chumba cha kuchanganyia. Hata hivyo watano kati ya sita walikuwa na njia za hewa zilizoziba. Wastani wa zamu nzima ulikuwa mdogo, ila kila pakiti iliyofunguliwa ilitoa pumzi moja nzito ya mvuke karibu na uso. Kwa mtu anayefikiria vepu, mfano huo ni muhimu kuliko ule wa tangi, maana na vepu nayo ni pumzi nzito moja moja, si hewa ya chumba.

Ugonjwa wenyewe hujificha. Mirija inayoharibika ina kipenyo cha chini ya milimita mbili, na iko kwa maelfu. Kwa kuwa ni mingi hivyo, hewa hupata njia nyingine sehemu fulani zikiziba, na mtu haoni tofauti mpaka uharibifu umeenea. Kemikali huua kwanza utando wa juu wa mrija. Mwili hujaribu kuuponya, na uponyaji ukienda kombo nyuzi za kovu huota kuuzunguka mrija kwa ndani, tundu likapungua mwaka hadi mwaka, au miezi hadi miezi. Kovu halirudi nyuma. Dawa za kutuliza uvimbe huweza kusimamisha mambo, na mara nyingi huo ndio ushindi pekee unaopatikana.

Mgonjwa huja na kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Anaambiwa ana pumu, anapewa dawa ya kuvuta, haimsaidii. Hapo ndipo daktari makini hushtuka. Kwenye spirometa, kifaa cha kupima pumzi, hewa inayotoka ndani ya sekunde ya kwanza imepungua sana, na haiongezeki baada ya dawa ya kutanua mirija, kinyume na ilivyo kwa pumu. Kwa wale wanane wa mwanzo kipimo hicho kilikuwa kati ya asilimia 14 na 67 ya kinachotarajiwa. Uwezo wa mapafu kupitisha oksijeni kwenda kwenye damu huwa mzuri au karibu na mzuri, kwa kuwa vifuko vya hewa vyenyewe havijaguswa, na hilo hutofautisha na mapafu yaliyoliwa na sigara. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuwa safi kabisa. Inahitajika picha ya CT inayopigwa mgonjwa akiwa ametoa pumzi nje, na hapo mapafu huonyesha mabaka meusi na meupe, kwa sababu sehemu zenye mirija iliyoziba zinashindwa kutoa hewa yake. Mtu akipigwa picha akiwa amevuta pumzi tu, mabaka hayo yanaweza yasionekane.

Kwa nini dayasetili ifike huko chini kabisa? Inayeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo panya wa maabara anayeivuta kwa pua huinasa nyingi kwenye utando wa pua, na majeraha yake mengi hutokea juu. Panya hapumui kwa mdomo. Binadamu anayefanya kazi huku akihema kwa mdomo hupita kizuizi hicho cha pua. Watafiti waliokadiria kwa mahesabu walikuta kwamba katika hali hiyo mirija midogo ya mtu inaweza kupata dozi kubwa makumi ya mara kuliko ya panya aliye kwenye hewa ileile. Na vepu, kwa ubunifu wake, huvutwa kwa mdomo. Huko ndani molekuli hiyo hujishikiza kwenye protini za seli, hasa kwenye asidi amino iitwayo ajinini, na kuziharibu. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walionyesha kwenye seli za njia ya hewa za binadamu kwamba dayasetili na ndugu yake pentanedioni huvuruga jeni zinazohusika na vinyweleo vinavyofagia kamasi na uchafu.

Sasa tuingie kwenye vepu zenyewe. Majimaji yake kwa sehemu kubwa ni propilini glaikoli na gliserini, kwa kawaida na nikotini, kisha ladha. Ladha hizo hununuliwa kwa watengenezaji walewale wanaouzia viwanda vya biskuti na aiskrimu. Hati zao zinasema ni salama kwa chakula, na zinasema kweli. Chama cha watengenezaji wa vionjo cha Marekani chenyewe kimeeleza wazi kwamba tathmini zake ni za kula, hazihusu kuvuta kwa vepu. Mwaka 2014 utafiti ulioongozwa na daktari Farsalinos wa Ugiriki, mtu ambaye kwa ujumla anaitetea vepu kama njia ya kuacha sigara, ulipima sampuli 159 za majimaji matamu na kukuta dayasetili au pentanedioni kwenye karibu robo tatu. Mwaka 2015 Harvard walipima ladha 51 na kukuta dayasetili kwenye 39, kiasi cha juu kikiwa mikrogramu 239 kwa sigara moja ya kielektroniki. Ladha hizo hazikuwa za siagi tu, matunda na kokteli zilikuwamo pia.

Je, mikrogramu hizo ni nyingi? Tuhesabu pamoja kwa mfano. Chukua majimaji ambayo kila mvuto unatoa mikrogramu moja ya dayasetili, na mtu aliyekaa kwenye kiti akivuta mara 10 ndani ya dakika 15. Mtu aliyetulia hupumua kama lita 8 kwa dakika, kwa hiyo katika dakika hizo 15 amepitisha lita 120 za hewa zikiwa na jumla ya mikrogramu 10. Ukigawanya unapata takribani mikrogramu 83 kwa mita ya ujazo, ambayo kwa dayasetili ni kama sehemu 24 kwa bilioni. Mwaka 2016 NIOSH ilipendekeza kwamba mfanyakazi asizidi sehemu 25 kwa bilioni kwa wastani wa dakika 15, na sehemu 5 kwa bilioni kwa wastani wa zamu ya saa nane. Mvutaji wetu amefika mlangoni mwa kikomo cha muda mfupi akiwa amekaa tu.

Hesabu hii ina mipaka yake. Majimaji mengi yana chini ya hapo, hasa ya miaka ya karibuni. Kikomo cha NIOSH nacho ni kikali kwa makusudi: kimewekwa ili hatari ya kupungukiwa pumzi isizidi mtu mmoja kati ya elfu moja baada ya miaka 45 ya kazi, kwa hiyo kukifikia si kuumwa kesho. Ila wastani wa dakika 15 huficha kitu. Mvuto wenyewe ni kama mililita 55, na mikrogramu moja ndani ya mililita 55 ni zaidi ya sehemu 5 kwa milioni, yaani elfu tano kwa bilioni, kabla haijachanganyika na hewa nyingine. Wakaguzi wa Jasper waliishi kwa pumzi za namna hiyo.

Wabishi watasema: na sigara je? Hoja yao haistahili kupuuzwa. Moshi wa sigara moja umepimwa na kukutwa na mikrogramu kama 300 hadi 430 za dayasetili. Mvutaji wa pakiti moja kwa siku anapata maelfu. Mbona hospitali hazijajaa mapafu ya bisi?

Sehemu ya jibu iko kwenye ile namba ya 10.8. Jasper athari ilionekana wazi zaidi kwa wasiovuta sigara, kwa sababu kwa wavutaji kuziba kwa njia za hewa kunatarajiwa tayari. Mvutaji wa miaka ishirini akija na pumzi fupi, daktari anaandika ugonjwa sugu wa kuziba mapafu na faili linafungwa. Hakuna anayekata kipande cha pafu lake kutafuta kovu la mrija mdogo, na hata akikata, makovu ya aina hiyo hutawanyika, sindano inaweza kuyakosa. Ugonjwa huo sugu wenyewe huanzia kwenye mirija ileile midogo. Kwa hiyo kusema wavutaji sigara hawapati madhara ya dayasetili ni kudai kwamba tumewatafutia, na hatujawatafutia. Kwa upande mwingine, hoja hiyo inaonyesha kwamba dozi ya vepu peke yake haitarajiwi kuzaa wimbi la haraka kama lile la wachanganyaji, na kwa kweli hakuna wimbi la namna hiyo lililothibitishwa. Mvutaji sigara anayehamia vepu moja kwa moja na kuacha tumbaku anapunguza dayasetili yake pamoja na sumu nyingine nyingi. Kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote analinganishwa na hewa safi, si na sigara. Watu hawa wawili hawawezi kupewa jibu moja, na mijadala mingi huharibika kwa kuwapa.

Kesi iliyokaribia zaidi kuthibitisha uhusiano ilitoka Ontario, Kanada, mwaka 2019. Kijana wa miaka 17, aliyekuwa mzima, alikuwa akivuta kwa wingi majimaji yenye ladha mbalimbali pamoja na mafuta ya bangi. Alianza na kikohozi, akatibiwa kama mwenye nimonia, akazidiwa hadi akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, kisha kwenye mashine inayotia oksijeni kwenye damu nje ya mwili. Alikaa hospitalini siku 47. Alipona bila kupandikizwa, ila mapafu yake yalibaki na kuziba kwa kudumu. Madaktari waliomtibu waliandika kwamba picha yake ilifanana na ya wafanyakazi wa bisi, na wakaitaja dayasetili kama mshukiwa. Mshukiwa, si mhukumiwa. Kwa mtu aliyekuwa akivuta vitu vingi kwa pamoja, huwezi kwenda mbali kuliko hapo.

Mwaka huohuo Marekani ilikumbwa na mlipuko mwingine, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Zaidi ya watu 2,800 walilazwa au kufa kwa jeraha la ghafla la mapafu. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa vitamini E asetati iliyotiwa kwenye mafuta ya bangi, ilikutwa kwenye kimiminika cha mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51. Hilo lilishambulia vifuko vya hewa kwa siku au wiki, na halikuwa ugonjwa wa Jasper. Ukiona picha za wagonjwa wale zimebandikwa chini ya habari ya dayasetili, jua mwandishi amechanganya mafaili mawili.

Nirudi kwenye chupa. Baada ya Jasper viwanda vingi vya vionjo viliitoa dayasetili na kuweka pentanedioni, iliyomzidi ndugu yake kaboni moja na yenye harufu karibu sawa. Watafiti wa NIOSH waliwavutisha panya na kukuta majeraha yaleyale. Kikomo walichopendekeza kwa pentanedioni, sehemu 9.3 kwa bilioni, kinatokana na kiwango cha chini ambacho maabara iliweza kukipima kwa uhakika, si kwamba ni laini kuliko ya kwanza. Chupa inayotumia pentanedioni inaweza kuandikwa "bila dayasetili" na isiwe imedanganya.

Mbadala wa pili ni asetoini, ambayo nayo hunukia siagi na haina ukali wa hao wawili. Hapo kemia inatuchezea. Asetoini hupoteza haidrojeni mbili na kuwa dayasetili, na utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hilo hutokea ndani ya majimaji ya vepu yenyewe yakiwa yamekaa, na kwamba nikotini, kwa kuwa ni besi, huharakisha. Majimaji yaliyotoka kiwandani yakiwa safi yanaweza kuwa na dayasetili yakifika kwa mtumiaji.

Kwa hiyo mtengenezaji akikuonyesha ripoti ya maabara, neno "haikugunduliwa" halitoshi. Tazama kama wamepima pia pentanedioni na asetoini. Tazama kikomo cha kugundua cha mashine: maabara inayoanza kuona kwenye mikrogramu 50 kwa gramu ya majimaji itatangaza usafi mahali ambapo nyingine ingekuta mzigo mzima, maana mililita chache za majimaji hayo zingeweza kubeba mikrogramu mia mbili bila kuonekana. Tazama tarehe ya kupima na umri wa sampuli, na kama walipima majimaji peke yake au na mvuke unaotoka kwenye kifaa. Ripoti nyingi nilizowahi kuzisoma hushindwa kwenye swali la pili.

Uingereza imepiga marufuku dayasetili kwenye majimaji ya vepu yenye nikotini tangu 2016, na wauzaji wanalazimika kutoa taarifa ya viungo kabla ya kuuza. Ni hatua ya maana, na pengine ni sababu mojawapo ya viwango kushuka. Ningeona inafaa zaidi kama sharti lingegeuzwa: ladha isiingie kwenye kitu cha kuvutwa mpaka mtengenezaji aonyeshe jaribio la kuvuta, kwa kiungo hicho na kwa kemikali kinayogeuka kuwa, mwishoni mwa muda wa kukaa dukani. Viungo vingi vya ladha vilivyomo kwenye vepu leo havina jaribio la namna hiyo hata moja.